Nani Ameishikilia Folda?

Umechagua folda, umebonyeza Delete, na badala ya folda kuondoka kinajitokeza kijisanduku chenye kichwa `Folder In Use`. Chini yake kuna sentensi hii: `The action can't be completed because the folder or a file in it is open in another program`. Yaani folda yenyewe, au faili mojawapo lililomo, limefunguliwa na programu nyingine. Kijisanduku kinakushauri uifunge kisha ujaribu tena, ila hakikutajii ni programu ipi.

Unafunga kila dirisha unaloliona, unajaribu tena, na jibu ni lilelile. Wengi huishia kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Mara nyingi dawa hiyo hufaa, lakini inakukatizia kazi zote ulizofungua, na kwa kuwa mhusika hukumjua, kesho atakusumbua tena. Windows yenyewe inamjua kwa jina na namba. Kinachotakiwa ni kuiuliza mahali panapohusika.

Kwa nini Windows inakataa

Programu inapotaka kusoma au kuandika faili, huiomba Windows ruhusa kwanza. Windows ikikubali, huipa namba ya kulishikia faili hilo na kuandika kwenye orodha yake kwamba programu fulani inalishika. Papo hapo programu hutamka masharti yake: wengine wanaweza kulisoma faili likiwa mkononi mwake? Wanaweza kuliandika? Wanaweza kulifuta? Ikiwa haikuruhusu kufuta, Windows itamkatalia kila atakayejaribu, hata mwenye kompyuta, mpaka programu ile iliachie.

Hii ndiyo sababu programu hazifanani. Notepad husoma maandishi yote, huyaweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha huliachia faili. Unaweza kulifuta huku maandishi yake bado unayaona kwenye dirisha. Word hailiachii. Hulishika faili muda wote lililo wazi, na kando yake huweka kijifaili kilichofichwa ambacho jina lake huanza na alama `~$`. Ukikiona kijifaili hicho, jua kuna Word iliyo wazi mahali, au iliyozimika vibaya ikakiacha nyuma.

Kushika folda bila kufungua faili

Kinachowachanganya watu zaidi ni folda inayokataa kufutika ilhali hakuna faili lolote ndani yake lililo wazi. Hapa kuna jambo ambalo watumiaji wachache wanalijua: kila programu inayoendeshwa kwenye Windows ina folda moja inayohesabika kuwa ndiyo mahali ilipo. Folda hiyo nayo hushikwa kama faili linavyoshikwa, na haifutiki wala haibadilishwi jina mpaka programu ihame au ifungwe. Ni sawa na mwenye nyumba anayetaka kubomoa chumba ambacho mpangaji amekaa ndani, hata kama mpangaji hajagusa kitu chochote.

Programu huingia kwenye folda hivyo bila wewe kuiagiza. Ukifungua dirisha jeusi la kuandikia amri na kuingia kwenye folda kwa `cd`, dirisha hilo limeshakaa humo. Programu nyingi pia huhamia kwenye folda uliyoichagua ulipotumia `Open` au `Save As`. Unaweza kuwa ulihifadhi picha moja asubuhi, ukaifunga, ukaendelea na picha nyingine za folda tofauti, na programu ya picha ikawa bado inahesabika kuwa iko kwenye folda ya asubuhi.

Dalili ya hali hii huonekana ukiifuta folda kwa amri ya `rmdir /s`: vilivyomo vinafutika vyote, lakini folda yenyewe inabaki tupu na haitoki. Ukiona hivyo, usihangaike kutafuta faili. Tafuta programu iliyokaa humo. Na kabla ya kuijaribu amri hiyo kumbuka kwamba haipeleki vitu Recycle Bin. Kilichofutwa kwayo hakirudi kirahisi.

Kumtafuta mhusika

Chombo cha kumtafutia kimo ndani ya Windows tayari, kinaitwa Resource Monitor. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika neno hili kisha bonyeza Enter:

```
resmon
```

Dirisha likifunguka nenda kwenye kichupo cha `CPU`. Katikati kuna mstari ulioandikwa `Associated Handles`, na upande wake wa kulia kuna kisanduku cha kutafutia, `Search Handles`. Andika humo jina la folda, au sehemu ya jina, kisha subiri kidogo. Afadhali uandike sehemu isiyo ya kawaida. Ukiandika "Picha" tu, utaletewa kila kitu chenye neno hilo kwenye kompyuta nzima.

Tuchukue mfano wa studio ya video za harusi. Mteja ameshachukua kazi yake, diski inajaa, na mwenye studio anataka kuifuta folda `D:\Harusi_Juni`. Amefunga programu zote anazoziona, folda inagoma. Anaandika `Harusi_Juni` kwenye kisanduku kile na kuletewa mistari mitatu:

```
explorer.exe  4388  File  D:\Harusi_Juni
vlc.exe       7312  File  D:\Harusi_Juni\Ukumbini\MVI_0214.MP4
cmd.exe       9140  File  D:\Harusi_Juni\Fupi
```

Safu ya kwanza ni jina la programu, ya pili ni namba yake, ya tatu ni aina ya kitu kinachoshikwa, na ya mwisho ni kitu chenyewe. Neno `File` lisimbabaishe: Windows huliandika hata pale kinachoshikwa ni folda.

Mstari wa kwanza ni dirisha la folda analolitazama yeye mwenyewe. Explorer huiangalia folda ili ikuonyeshe mabadiliko, lakini kwa kazi hiyo huwa imeshatoa ruhusa ya kufuta. Kuonekana kwenye orodha si lazima kuwe ndiko kuzuia, kwa hiyo mstari huu auache wa mwisho.

Wa pili ni VLC. Dirisha lake halipo tena, lakini programu imekwama nyuma na bado inashika video ya ukumbini. Anaweza kuitafuta kwenye Task Manager na kuifunga, au aandike namba yake kwenye dirisha la amri:

```
taskkill /PID 7312
```

Ikiwa programu haina dirisha la kupokea ombi hilo, Windows itajibu kwamba lazima ifungwe kwa nguvu. Hapo huongezwa `/F` mwishoni mwa amri. Kwa programu ya kuchezesha video hakuna hasara. Kwa Word, Excel au programu ya uhasibu, kila kisichohifadhiwa kitapotea, hivyo ni vizuri kujaribu kwanza kuifunga kwa njia ya kawaida.

Wa tatu ni dirisha la amri. Msaidizi wa studio alilifungua ili apunguze ukubwa wa video za kutuma WhatsApp, kisha akalishusha chini na kulisahau. Halina faili lolote mkononi. Limekaa tu ndani ya folda ya `Fupi`. Si lazima lifungwe. Kuandika `cd \` kwenye dirisha hilohilo kunalitoa humo. Baada ya mistari hiyo miwili kushughulikiwa, folda inafutika.

Majina yanayohitaji uangalifu

Si kila mara utakutana na VLC. Ukiona `OneDrive.exe`, folda inapandishwa mtandaoni. Simamisha upandishaji huo kwa muda, kisha ufute. Ukiona `MsMpEng.exe`, ni antivairasi ya Windows inayokagua mafaili, na ukisubiri kidogo itayaachia yenyewe. Jina `svchost.exe` ni la huduma za ndani za Windows. Usilifunge kwa nguvu, maana unaweza kukata mtandao au sauti bila kujua.

Ikiwa `explorer.exe` ndiyo imebaki peke yake na folda bado inagoma, huenda imekwama ikisoma video au picha ili ikuonyeshe sura yake ndogo. Ingia Task Manager, bofya `Windows Explorer`, kisha chagua `Restart` badala ya kuifunga, la sivyo upau wa chini wa skrini utatoweka.

Jina linalotatanisha zaidi ni `System`, lenye namba 4. Hilo huwezi kulifunga. Mara nyingi linapotokea ofisini, folda imeshirikishwa kwenye mtandao wa ndani na mtu wa kompyuta nyingine ndiye aliyefungua faili. Andika `fsmgmt.msc` kwenye kile kisanduku cha Windows na R, ingia `Open Files`, utaona jina la anayetumia. Kumwomba afunge faili lake ni bora kuliko kumkatia katikati ya kazi.

Na ikiwa Resource Monitor haileti mstari wowote? Kuna vyombo viwili vya bure vya Microsoft vinavyoweza kusaidia. PowerToys huongeza kipengele cha `Unlock with File Locksmith` kwenye menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya, nacho hukuorodheshea programu zinazoitumia folda uliyoibofya. Process Explorer ni kazi ya Mark Russinovich, ambaye kampuni aliyoianzisha na Bryce Cogswell ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006, na nayo hutafuta kwa jina la faili au folda. Vyote viwili viendeshe kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, maana bila hivyo havioni programu za watumiaji wengine.

Process Explorer ina agizo la `Close Handle`, linaloinyang'anya programu faili bila kuifunga programu yenyewe. Linavutia, lakini ni la hatari. Programu haiambiwi kwamba imenyang'anywa. Windows inaweza kuigawa upya namba ileile kwa faili jingine la programu hiyohiyo, nayo ikaendelea kuandika ikidhani inaandika kwenye la zamani. Faili zima linaweza kuharibika hivyo. Kuifunga programu ni salama zaidi.

Mwisho, soma vizuri maneno ya kijisanduku kabla ya kuanza msako. Kikisema `You need permission to perform this action`, hakuna programu inayoshika kitu. Tatizo ni haki za akaunti yako, na Resource Monitor haitakusaidia. Na ikiwa ni kweli folda inatumika, umewasha kompyuta upya na imeshikwa tena palepale, basi mhusika ni programu inayojiwasha pamoja na Windows. Ifungue Task Manager kwenye sehemu ya programu zinazoanza na kompyuta, uizime humo ile uliyoikuta kwenye orodha, uwashe upya, kisha ufute.