Kutoboa Dirisha Ndani ya Picha

Una picha ya ukuta uliofunikwa na maua ya bogonvilia, na katikati yake unataka tundu la umbo la yai ili sura ya mhitimu ichungulie kutoka nyuma. Studio nyingi hufanya kazi ya namna hii msimu wa mahafali na harusi. Anayejaribu mwenyewe huchora umbo, hubonyeza kitufe cha kufuta, na tundu huonekana: jeupe, safi kabisa. Akiweka sura ya mhitimu nyuma yake, haionekani. Kilichotokea ni kwamba picha imepakwa rangi nyeupe, haikutobolewa.

Sababu iko ndani ya picha yenyewe. Picha ya simu au kamera kwa kawaida huhifadhiwa kama JPEG, na humo kila nukta ina namba tatu tu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Hakuna namba inayoweza kusema "hapa hapana kitu". Ukiiamuru kompyuta ifute, haina budi kuweka rangi fulani, nayo huchukua ile iliyowekwa kuwa rangi ya nyuma, ambayo mara nyingi ni nyeupe. Ili tundu liwe tundu kweli, kila nukta inahitaji namba ya nne, iitwayo alfa. Kwenye picha za kawaida namba hiyo huanzia 0, yaani nukta haionekani kabisa, hadi 255, yaani imeziba kabisa.

Tufanye kazi hiyo kwa GIMP 2.10, programu ya bure. Fungua picha ya ukuta, tuseme ina upana wa nukta 3000 na urefu wa 2000. Kwenye orodha ya tabaka, jina la tabaka lisilo na alfa huandikwa kwa herufi nzito. Hiyo ndiyo dalili ya kutazama kabla ya lolote. Nenda `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`, na herufi zitarudi kuwa za kawaida.

Sasa bonyeza herufi `E` kupata kifaa cha kuchagua umbo la yai, ulichore, kisha urekebishe namba kwenye mipangilio ya kifaa badala ya kukisia kwa jicho. Ukitaka yai la upana wa 1000 na urefu wa 1400 likae katikati barabara, nafasi yake ni 1000 kutoka kushoto na 300 kutoka juu, kwa kuwa pande zilizobaki hugawanywa sawa. Hakikisha tabaka la ukuta ndilo lililoteuliwa, kisha bonyeza `Delete`. Ukiona vijisanduku vya kijivu mfano wa ubao wa drafti, umefaulu. Vijisanduku hivyo ni alama ya skrini tu, havichapishwi.

Ukingo nao una mambo yake. Acha `Antialiasing` ikiwa imewashwa, la sivyo ukingo wa yai utakuwa na meno. Ukitaka ukingo unaofifia polepole, washa `Feather edges` kabla ya kufuta. Lakini bonyeza `Delete` mara moja tu: kila unaporudia, nukta zilizobaki nusu hupungua tena, na ule ulaini huanza kupotea.

Kisha ondoa uteuzi kwa `Select > None`, leta picha ya mhitimu kwa `File > Open as Layers`, na uishushe chini ya tabaka la ukuta. Iwe kubwa kuliko tundu, ili uweze kuisogeza mpaka macho yakae unapotaka.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kufuta huku kunaweza kushusha alfa tu, huku rangi za zamani zikibaki chini yake. Wakati wa kuhifadhi PNG, GIMP huonyesha kisanduku cha `Save color values from transparent pixels`. Kikiwa na tiki, kilichofutwa huweza kufufuliwa na mtu mwingine. Kwa maua si neno. Lakini kama unaficha namba ya kitambulisho au sura ya mtoto, usitegemee tundu: paka kwanza rangi moja nzito juu ya sehemu hiyo, ndipo ufute.

Ukitaka kumpa mteja fremu yenye tundu wazi, zima kwanza tabaka la mhitimu kwa kubofya alama ya jicho, kisha tumia `File > Export As` na jina liishie kwa `.png`. Ukiandika `.jpg`, alfa hutupwa na tundu huzibwa kwa rangi. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, kwa sababu picha za kawaida huko hugeuzwa kuwa JPEG njiani.