Rinda la Athi River, Gauni la Arusha

Je, msomaji, umewahi kununua leso? Ikiwa wewe ni mtu wa Mombasa au Lamu, umekwisha kuiona akilini mwako: ile nguo pana yenye pindo na jina, ambayo mama hujifunga kiunoni au kumbebea mtoto mgongoni. Lakini muulize swali hilo hilo mtu wa Dar es Salaam. Ataingiza mkono mfukoni atoe kitambaa kidogo cha kupangusia jasho. Hiyo ndiyo leso yake. Ile yako yeye huiita kanga.

Jambo hili huwa ni la kuchekesha mtu akiwa kwenye baraza na wenzake. Halichekeshi hata kidogo neno likiwa limekwisha kuchapishwa kwenye maelfu ya lebo.

Eneo la EPZ la Athi River liko pale ambapo barabara ya Namanga inachepuka kutoka ile ya Mombasa. Sheria ya maeneo haya ilipitishwa nchini Kenya mwaka 1990, na nguo nyingi zinazoshonwa humo zimekuwa zikienda ng'ambo, hasa Amerika tangu mpango wa AGOA ulipoanza mwaka 2000. Nguo hizo huandikwa Kiingereza na hazitusumbui leo. Lakini mkataba wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu kiwanda cha namna hii, kwa kibali, kuuza hadi asilimia 20 ya bidhaa zake za mwaka katika soko la jumuiya yenyewe. Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na hapo ndipo mwenye kuandika lebo anapopaswa kujiuliza: Kiswahili cha nani?

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ameagiza nguo 600 za wasichana wa shule ya msingi, zile zenye kifua na sketi vilivyoshonwa pamoja. Nusu atauza Machakos na Nairobi, nusu atavusha Namanga hadi Arusha. Karani anaandika kichwa cha kadi ile inayoning'inia shingoni mwa nguo: RINDA LA MSICHANA. Kwa Mkenya hakuna kosa lolote, kwa maana tangu darasa la kwanza ameambiwa nguo hiyo ni rinda.

Kule Arusha nguo hiyo ni gauni. Rinda wanalijua, naam, lakini kwao ni ule mkunjo unaopigwa pasi kwenye sketi, na sketi ya marinda ni sketi yenye mikunjo mingi. Basi mama anayesoma kadi bila kuitazama sana nguo, au mwenye duka anayesoma maandishi ya nje ya katoni, atadhani ameletewa sketi. Tena neno hilo likiwa katika wingi limeshikwa na utani wa mitaani ambao siwezi kuueleza katika gazeti linalosomwa na watoto. Hakuna mwenye duka anayetaka kulibandika dirishani kwa herufi kubwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Wao huogopa neno geni. Kwa kweli neno geni si hatari sana. Mtanzania akikuta kadi imeandikwa AKALA, kama halijui neno atauliza, naye ataambiwa kwamba ni viatu vya matairi, anavyoviita katambuga. Mkenya akisikia bukta atauliza vivyo hivyo, aambiwe ni kaptura ya michezo. Swali linaulizwa, jibu linatolewa, biashara inaendelea. Neno la hatari ni lile ambalo kila mmoja analijua, lakini kwa maana yake. Huyo hataulizwa na mtu. Mteja atalipa, aende zake nyumbani, halafu arudi na hasira.

Leso ni mfano ulio wazi kuliko yote. Katoni ikiandikwa LESO ZA PAMBA, DAZANI 1, mwenye duka wa Tanga atatarajia vitambaa 12 vya mfukoni. Anapotajiwa bei ya nguo 12 zenye urefu wa kama mita moja na nusu kila moja, ataona anaibiwa. Na ajabu ni kwamba Mtanzania ndiye aliyebaki karibu na asili ya neno. Leso imetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, na husimuliwa kwamba nguo yenyewe ilianza wanawake wa pwani waliposhona vitambaa vya namna hiyo pamoja katika karne ya 19 ili wapate nguo moja pana.

Shuka nayo ina mtego wake. Nchini Tanzania shuka ni ya kutandika kitandani, wala hakuna anayefikiri mara mbili. Nairobi na sehemu nyingi za bara, mtu akisikia shuka humwona Mmasai na nguo yake nyekundu ya mabega, na ile ya kitandani huiita shiti. Ukivuka hadi mashariki mwa Kongo, nchi iliyoingia katika jumuiya yetu mwaka 2022, utasikia akina mama wakisifia kikwembe kipya, yaani kitenge cha kujifunga. Kwetu sisi kikwembe ni kitambaa kilichochakaa. Hebu fikiria ukiandika hivyo kwenye kadi ya nguo inayouzwa Machakos!

Basi karani wetu afanyeje? Kwanza ajue kwamba lebo si moja. Kuna ile ndogo inayoshonewa ndani ya mshono wa ubavuni, na kuna kadi ya kuning'inia. Lebo ya ndani ikikosewa, mshono hufumuliwa na kushonwa upya, nguo moja baada ya nyingine, na nguo 600 ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Kadi hukatwa kwa mkasi, ikafungwa nyingine. Kwa hiyo kwenye lebo ya ndani yaandikwe yale tu yasiyobadilika mpakani: pamba asilimia 100, saizi, imetengenezwa Kenya. Maelezo ya kufua yaachiwe zile alama za kimataifa, yaani bakuli la maji, pembetatu, mraba, pasi na duara. Pasi yenye nukta moja ni ya moto mdogo, usiozidi nyuzi 110, awe msomaji wake ni Mkenya au Mkongo.

Jina la nguo liwekwe kwenye kadi. Kwa zile nguo 600, neno gauni latosha pande zote mbili, kwani Mkenya huenda asilitumie kila siku lakini halimpotezi. Suruali, shati, soksi na sare hazina taabu popote. Fulana ina taabu kidogo: Tanzania ndiyo tishati yenyewe, lakini Mkenya anaweza kufikiria ile ya kuvaliwa ndani ya shati, na hapo mchoro mdogo kando ya jina husaidia. Kwa leso na kanga hakuna njia ya mkato, zichapishwe kadi za aina mbili.

Nawe usimuulize mtu, "Je, unalijua neno hili?" Kila mtu atakujibu ndiyo, kwa kuwa ni kweli analijua. Liandike neno peke yake kwenye karatasi, umpe mchuuzi aliyetoka upande wa pili wa mpaka, umwonyeshe rundo la nguo za kila aina na kumwomba akuletee inayotajwa. Afadhali awe mchuuzi wa soko la Arusha kuliko shangazi yako Mtanzania ambaye ameishi Nairobi miaka 20, maana huyo siku hizi naye husema rinda.