Kwa Nini Injini Hurudishiwa Moshi Wake

Ukifunua boneti ya Toyota Hiace au Prado ya dizeli yenye ile injini ya lita 3 inayoitwa 1KD, utakuta bomba la chuma linalotoka upande wa ekzosi na kuzunguka hadi upande wa kuingizia hewa. Njiani kuna vali inayofunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta ya gari. Bomba hilo huchukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha kwenye silinda, uingie pamoja na hewa safi. Mfumo huu hujulikana gereji kwa herufi tatu, EGR, na wenye magari wengi husikia habari zake kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa kwamba dawa yake ni kuuziba.

Anayetoa ushauri huo huwa ameona kwa macho yake kwamba gari likizibwa EGR moshi mweusi hupungua. Asichokiona ni gesi nyingine inayoongezeka wakati huohuo, kwa sababu haina rangi. Ili kuelewa gari linapoteza nini, tuanze na namna gesi hiyo inavyozaliwa.

Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Gesi hizi mbili huishi pamoja bila kuungana, maana atomi mbili za nitrojeni zimeshikamana kwa nguvu kubwa na si rahisi kuzitenganisha. Ndani ya silinda ya dizeli hali hubadilika. Pistoni huigandamiza hewa mpaka ikawa moto sana, nozo hupuliza dizeli, na pale miali inapowaka joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kwa joto hilo baadhi ya oksijeni huvunjika na kuwa atomi mojamoja. Atomi ya namna hiyo ikikutana na nitrojeni huipasua na kuungana na nusu yake. Nusu iliyobaki hukamata oksijeni nyingine, nayo huungana, huku ikiachia atomi nyingine ya oksijeni inayokwenda kuanza kazi ileile upya. Mnyororo huu ulielezwa na mwanafizikia wa Kisovieti, Yakov Zeldovich, katika miaka ya 1940, na mpaka leo wahandisi huutaja kwa jina lake. Zao lake ni oksidi za nitrojeni.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mnyororo huo unategemea joto kuliko kitu kingine chochote. Chini ya nyuzi 1,500 hivi huenda polepole mno kiasi cha kutotia hofu. Ukishavuka hapo, kila nyuzi 100 zinazoongezeka huweza kuongeza kasi yake zaidi ya maradufu. Isitoshe, gesi ikishazaliwa hairudi nyuma. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika humaliza safari moja ya pistoni kutoka juu hadi chini kwa milisekunde 15 tu. Pistoni inaposhuka gesi hupoa ghafla, na oksidi hukosa muda wa kuvunjika tena kuwa nitrojeni na oksijeni. Hutoka zilivyo hadi kwenye ekzosi. Kwa hiyo njia ya kuzipunguza tangu mwanzo ni kuzuia ule moto usifike kilele chake.

Moshi uliokwisha kuungua unaifanya kazi hiyo kwa sababu hauna tena cha kuunguza. Umejaa nitrojeni, hewaukaa na mvuke wa maji, na oksijeni yake imepungua. Tuchukue mfano wa gari linalokwenda mwendo wa wastani kwenye barabara tambarare, moshi wake ukiwa umebakiwa na asilimia 9 ya oksijeni. Tuseme kompyuta imefungua vali kiasi kwamba katika kila sehemu 100 zinazoingia silinda, 75 ni hewa safi na 25 ni moshi. Zile 75 zinaleta karibu sehemu 15.75 za oksijeni, na zile 25 zinaleta 2.25. Jumla ni sehemu 18 kwa 100, badala ya 21.

Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini fuata kinachotokea kwenye mwali. Kiasi fulani cha dizeli kinahitaji kiasi maalumu cha oksijeni ili kiungue, wala hakipunguzi mahitaji yake kwa sababu hewa imebadilika. Katika hewa safi, kila sehemu moja ya oksijeni hufuatana na takriban sehemu 3.8 za gesi nyingine. Katika mchanganyiko wetu wa asilimia 18, sehemu hiyo moja hufuatana na takriban 4.6. Hivyo dizeli ileile, ikitoa joto lilelile, sasa inalazimika kupasha sehemu 5.6 za gesi badala ya 4.8. Ni kama kuhamisha moto wa jiko kutoka sufuria ndogo ya maji hadi kubwa: kuni hazijapungua, lakini maji hayapati joto lile. Hewaukaa na mvuke wa maji huongezea kidogo, kwa kuwa humeza joto jingi zaidi kuliko nitrojeni kabla ya kupanda nyuzi moja. Mwali unashuka nyuzi kadhaa muhimu, na kwa kuwa mnyororo wa Zeldovich ni mwepesi mno kuitikia joto, oksidi za nitrojeni hupungua kwa kiwango kikubwa kuliko kile cha moshi uliorudishwa.

Ili faida hiyo isipotee, moshi hupozwa kwanza. Ukitoka ekzosi ukiwa na joto la mamia ya nyuzi na kuingia hivyohivyo, ungeipasha hewa yote kabla hata haijagandamizwa. Ndiyo maana kwenye bomba kuna kipozeo, yaani chombo chenye vijia vyembamba vinavyozungukwa na maji ya rejeta.

Kompyuta haifungui vali wakati wote. Injini ikiwa baridi huifunga au huibana. Dereva anapokanyaga mafuta hadi chini kupanda mlima akiwa na mzigo, huifunga pia, maana hapo kila chembe ya oksijeni inatakiwa. Kwa hiyo EGR nzima haimnyimi dereva nguvu ya mlimani. Hufanya kazi zaidi gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida au limesimama linaunguruma.

Gharama yake ni masizi. Oksijeni ikipungua, sehemu ya dizeli hukosa mwenza wa kuungana naye na kubaki kaboni nyeusi. Hapo wahandisi wamefungwa na mizani ngumu: wakizidisha moshi unaorudi, oksidi hupungua lakini masizi huongezeka, wakipunguza, mambo hugeuka. Masizi hayo hupita kwenye vali na kipozeo, na kwenye menifodi hukutana na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini. Mchanganyiko wake ni utando mzito kama lami, unaonenepa mwaka hata mwaka mpaka njia ya hewa ikawa nyembamba. Gari la mjini linalosimama foleni muda mrefu huathirika haraka kuliko la safari ndefu. Nozo zilizochakaa huzidisha, kwa sababu zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Salfa kwenye dizeli nayo huzaa asidi inayokula kipozeo, na ndiyo faida mojawapo ya hatua ya nchi za Afrika Mashariki kuanza kutumia, Januari 2015, dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Vali ikikwama wazi, dereva ataijua bila kuambiwa. Gari litatetemeka likiwa limesimama, litatoa moshi mweusi na kuwa zito kuondoka. Ikikwama ikiwa imefungwa, au njia ikiziba, injini ya dizeli huenda vizuri tu, na dalili pekee huwa taa ya injini kwenye dashibodi. Mashine ya kupimia gari mara nyingi husoma P0401, maana yake moshi unaorudi hautoshi. Fundi makini hatanunua vali mpya kwa msimbo huo peke yake. Ataacha injini iunguruma, aiamuru vali ifunguke kwa kutumia mashine ileile, huku akitazama kipimo cha hewa inayoingia. Moshi ukipita, kipimo hicho lazima kishuke, kwa sababu umechukua nafasi ya hewa safi. Vali ikifunguka na kipimo kisisogee, basi vali ni nzima na njia ndiyo imeziba: kinachotakiwa ni kuisafisha.

Kipozeo kina ugonjwa wake. Kikipasuka kwa ndani, maji ya rejeta hupungua bila tone kuonekana chini ya gari, na asubuhi ekzosi hutoa moshi mweupe. Hilo halifai kupuuzwa. Mwaka 2018 nchini Korea Kusini magari mengi ya dizeli ya BMW yaliwaka moto, na kampuni ikaita zaidi ya 100,000 yarudishwe. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yaliyovuja kwenye kipozeo cha EGR yalichanganyika na masizi na utando wa oili, na moshi wa moto sana ukaviwasha hadi menifodi ya plastiki ikayeyuka.

Sasa turudi kwa bati linalowekwa kuziba bomba. Likishafungwa, oksijeni huongezeka, masizi hupungua, injini hutulia, na mwenye gari huondoka ameridhika. Lakini mwali umerudi kwenye kilele chake, na oksidi za nitrojeni zimepanda mara kadhaa. Kipimo cha moshi kinachoangalia weusi peke yake hakiwezi kuzikamata. Zikishatoka hugeuka kuwa gesi inayochoma njia za hewa na kuwazidishia wenye pumu. Arie Haagen-Smit, mkemia wa California, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba gesi hizo, zikikutana na mvuke wa mafuta chini ya jua kali, huzaa ozoni na ukungu uliokuwa ukiwawasha macho watu wa Los Angeles. Ni kwa sababu ya ukungu wa namna hiyo magari ya Marekani yalianza kuwekewa EGR mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Magari mapya huongeza mtambo wa kunyunyiza maji ya urea kwenye ekzosi ili kuzivunja oksidi zilizosalia, lakini magari mengi tunayopanda hayana. Kwao EGR ndiyo kinga kuu waliyonayo dhidi ya gesi hii. Basi fundi akikuambia izibwe, mwombe kwanza apime nozo, aangalie kama turbo inavujisha oili, kisha afungue vali na menifodi azisafishe na kuweka gaskiti mpya. Chanzo cha masizi kikiondolewa, sababu ya kuweka bati inakwisha. Anayelipia bati hilo ni kondakta anayeshinda nyuma ya ekzosi stendi, na mtoto anayeishi kando ya barabara.