Harusi Tarehe 14, Pesa Tarehe 30

Familia yetu ilipoanza maandalizi ya harusi ya kijana wetu jijini Dar es Salaam, mimi nilipewa ukatibu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuitisha kikao. Wengine wako Moshi, dada yetu yuko Muskati, na baba mdogo yuko London. Kundi la Wasap lilikuwepo, lakini humo tangazo la asubuhi hufunikwa na salamu na picha kabla ya adhuhuri. Nikaandika barua pepe, ikaanza hivi:

“Shikamooni wazee wetu, na wengine habari zenu. Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi kitafanyika Jumapili, tarehe 30 Juni, saa 10:00 jioni kwa saa za Dar, nyumbani kwa baba mkubwa. Muskati itakuwa saa 11:00 jioni, London saa 8:00 mchana. Walio mbali watapigiwa simu ya video. Ajenda: kuteua viongozi, makisio ya bajeti, ahadi na tarehe ya mwisho ya michango.”

Saa za kila mji niliziandika kwa makusudi. Ndugu aliyekaa ughaibuni miaka mingi akisoma “saa 10” anaweza kuifikiria saa nne ya usiku.

Kwenye viongozi tulikuwa na msimamo mmoja: wazazi wa kijana wasishike pesa. Wao ndio wenye shughuli, na ni vigumu mno kumdai risiti mwenye shughuli. Mwenyekiti akawa mjomba, na mweka hazina akawa shangazi aliyestaafu benki. Waliopewa ukumbi, chakula na mapambo walitumwa kupatana bei tu. Malipo yalitoka kwa shangazi. Anayepatana bei akiwa ndiye anayelipa, hakuna wa kumuuliza kwa nini bei imepanda.

Makisio niliyaambatanisha mapema ili kikao kisipotee kwenye kubahatisha. Jumla ilikuwa shilingi milioni 23 kwa wageni 250. Sahani moja ya chakula ilikuwa 25,000 na vinywaji vya mgeni mmoja 15,000, kwa hiyo kila kiti kiligharimu 40,000. Ukumbi, muziki na picha havipungui hata wageni wakipungua. Kwa hiyo bajeti ikibana, mahali pa kwanza pa kutazama ni idadi ya viti.

Sasa tarehe ya mwisho. Wengi walitaka iwe wiki ya harusi, eti watu wapate muda. Sisi tulihesabu kutoka nyuma. Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Mpishi alitaka idadi kamili wiki moja kabla, na ukumbi ulitaka kumaliziwa malipo siku 10 kabla. Kadi nazo zinahitaji siku za kuandikwa majina na kusambazwa. Tukaangukia Ijumaa, tarehe 30 Agosti, mishahara ikiwa imeshaingia. Barua ikaeleza kwamba singo ni 50,000 na dabo ni 100,000, kisha ikaendelea:

“Ukituma kwa simu, hakikisha limetokea jina la mweka hazina kabla ya kuweka namba ya siri, na uongeze ya kutolea. Kisha mjulishe katibu.”

Hiyo ya kutolea inaonekana ndogo. Lakini watu 100 wakituma bila kuiweka, makato yote yanaila hazina, na daftari halilingani na pesa iliyopo mkononi.

Ahadi zilifika milioni 26, tukafurahi. Jioni ya tarehe 30 Agosti shangazi alikuwa na 18,200,000 taslimu. Kosa linalozamisha kamati nyingi ni kuweka oda kwa kutazama safu ya ahadi. Daftari letu lilikuwa na safu tatu, yaani jina, ahadi na taslimu, na tulipanga kwa hiyo ya tatu. Pengo lilikuwa 4,800,000.

Kesho yake tulikaa tena. Kadi zilitoka kwa waliokamilisha tu, isipokuwa bibi na wazee wa ukoo, ambao kwetu kadi zao hazihesabiwi kwa mchango. Viti vikashuka hadi 200, tukaokoa milioni 2. Mpambaji alikubali kuondoa maua ya mezani yaliyoagizwa, milioni moja ikapungua. Zilizobaki 1,800,000 baba wadogo na mashangazi walizichanga upya usiku uleule, kila mmoja kwa uwezo wake. Nao waliochelewa tuliwapigia simu mmoja mmoja. Ukimtaja ndugu kundini kwamba hajalipa, unamwaibisha, na mara nyingi kumbe ameuguliwa au mshahara umechelewa.

Tarehe 6 Septemba nikamtumia mpishi idadi: sahani 200, za wapambe na wapiga picha zikiwemo.