Runinga ya Mchana na Runinga ya Usiku

Mechi nyingi za ligi huanza saa kumi jioni, wakati jua la Dar es Salaam limeshuka vya kutosha kuingia moja kwa moja kwenye dirisha linalotazama magharibi. Kama runinga imetundikwa ukuta wa mashariki, mtazamaji anaona nondo za dirisha, anaona pazia, anajiona mwenyewe na kikombe cha chai mkononi, na wachezaji wako mahali fulani nyuma ya hayo yote. Mwenye nyumba anachukua rimoti, anaingia kwenye menyu, anakuta neno Brightness na kulipandisha kutoka 50 hadi 80. Picha inapauka kama nguo iliyozidishiwa jiki. Usiku ukifika hakuna anayekumbuka kuirudisha, nyeusi imekuwa kijivu, na watu wanaanza kusema runinga imezeeka.

Runinga haijazeeka. Kilichoguswa ni kitufe kisichohusika na jua.

Runinga nyingi tulizonazo majumbani, zile zinazouzwa kwa jina la LED, zina sehemu mbili zinazoshirikiana. Nyuma kabisa kuna taa ndogondogo za LED zinazowaka muda wote runinga inapofanya kazi. Mbele yake kuna kioo cha LCD chenye mamilioni ya vijidirisha vinavyojifungua na kujifunga ili kupitisha mwanga au kuuzuia. Backlight ni nguvu ya zile taa za nyuma. Ukiipandisha, kila kitu kwenye picha kinang'aa zaidi kwa uwiano uleule, jezi nyeupe na viatu vyeusi pamoja. Brightness, kwa maana yake ya zamani, haigusi taa hata kidogo. Yenyewe inaamua vijidirisha vifunge kiasi gani pale picha inapotaka weusi. Ukiizidisha, weusi unakataa kuwa mweusi. Ukiipunguza mno, nywele, suti na vichaka vya usiku vinamezwa na kuwa doa moja lisilo na umbo.

Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakubaliani juu ya majina. Kwenye runinga za Sony za miaka ya karibuni, Brightness ndiyo taa ya nyuma, na kile kitufe cha weusi kinaitwa Black level. Samsung nao wamehamia huko: katika matoleo yao mapya Brightness ni taa, na weusi unarekebishwa kwa Shadow Detail. Kwa hiyo usiamini jina, jaribu mwenyewe. Simamisha picha yenye shati jeupe na sehemu yenye giza, kisha shusha kitufe hadi karibu na sifuri. Kama shati limefifia pamoja na kila kitu kingine, umeshika taa. Kama shati limebaki karibu na weupe wake lakini sehemu za giza zimezama, umeshika weusi.

Kitufe cha weusi hurekebishwa mara moja, usiku, kisha kinaachwa. Weka filamu yenye mistari myeusi juu na chini ya picha, na utafute tukio la usiku lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Pandisha hadi mistari ianze kuwa kijivu, halafu rudi nyuma taratibu hadi iwe myeusi tena huku mikunjo ya koti bado ikionekana. Kwenye runinga nyingi utajikuta karibu na 50, yaani pale pale kiwanda kilipoiweka. Tangu hapo, habari ya jua na giza ni ya taa ya nyuma.

Sasa turudi kwenye sebule ya saa kumi. Kabla ya kugusa menyu, zima runinga na uitazame ikiwa nyeusi. Chochote unachokiona humo, dirisha, ukuta mweupe, taa ya dari, ndicho picha yako italazimika kukishinda. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti, na runinga ya kawaida ya LED ikiwashwa taa yote hutoa kama niti 300 kwenye weupe. Chukua kioo chenye uwezo wa kuonyesha weupe mara 1000 ya weusi wake. Taa ikiwa theluthi moja, weupe ni niti 100 na weusi ni sehemu moja ya kumi ya niti. Hapo ni gizani. Lakini ikiwa mwanga wa dirisha unarudishwa na kioo kwa kiasi cha niti 6, zile 6 zinaongezwa kila mahali, kwenye weupe na kwenye weusi. Weupe unakuwa 106, weusi unakuwa 6. Tofauti iliyokuwa mara 1000 imebaki kama mara 17. Ndiyo maana picha imepauka hata kabla hujagusa kitu.

Ukipandisha taa hadi mwisho, weupe unafika 306 na weusi unapanda kidogo tu, kwa hiyo tofauti inakuwa karibu mara 50. Ni nafuu kubwa, utaona nambari za jezi. Lakini vuta pazia zito hadi kile kinachorudishwa na kioo kishuke kutoka niti 6 hadi 1, na taa ikiwa juu vilevile. Tofauti inapita mara 200. Pazia limefanya kazi kuliko menyu, na mimi ningeanza na pazia, au kuigeuza runinga kidogo isitazamane na dirisha, kabla ya kuilaumu rimoti. Kupandisha weusi katika hali hii ni kuongeza tope juu ya tope: jua tayari limeufanya weusi kuwa kijivu, nawe unauongezea kijivu kingine. Kama nyuso zenye kivuli bado hazionekani baada ya taa kufika juu, kitufe cha kujaribu ni Gamma. Kukishusha kutoka 2.4 hadi 2.2, au chini kidogo ya hapo, kunainua sehemu za katikati bila kuharibu weusi wenyewe.

Usiku mambo yanageuka. Mechi za Ulaya zinazoanza saa nne au saa tano usiku watu huzitazama taa za sebuleni zimezimwa. Hakuna tena mwanga wa kurudishwa, na kile kioo kimerudi kwenye tofauti yake ya mara 1000. Hata hivyo taa ikibaki juu, weusi wake ni sehemu tatu za kumi za niti, na jicho lililozoea giza linaiona hiyo kama ukungu wa kijivu, hasa pembeni na kwenye ile mistari ya filamu. Ukiishusha taa hadi theluthi, uwiano haujabadilika, ila ukungu umeshuka chini ya kile ambacho jicho linajali. Hakuna nambari moja inayofaa kila nyumba, lakini kati ya 20 na 40 ni mahali pazuri pa kuanzia. Dalili ya kwamba umebakiza mwanga mwingi ni pale tangazo lenye ukurasa mweupe linapoingia baada ya tukio la giza na kila mtu anafinya macho. Runinga za OLED ziko nje ya habari hii kwa sehemu, kwa kuwa hazina taa ya nyuma: kila nukta inajiwakia yenyewe na weusi wake ni weusi kweli, ingawa usiku nazo zinaweza kuumiza macho.

Kupandisha na kushusha kila siku kunachosha, na kihisi mwanga kiliwekwa kwa ajili hiyo. Ni kijicho kidogo kinachopima mwanga wa chumba na kuiambia runinga iongeze au ipunguze taa. Mara nyingi kiko ukingo wa chini, karibu na kitaa chekundu, nyuma ya kidirisha cheusi kilekile kinachopokea rimoti. Na hapo ndipo kinapoonewa. Mbele yake watu huweka king'amuzi, spika ndefu, au kitambaa cha kufuma kinachoning'inia. Nyumba nyingine bado zina stika ya dukani imegandishwa palepale. Kihisi kilichozibwa kinaamini ni usiku siku nzima, na runinga inafifia saa nane mchana bila sababu inayoonekana.

Kukijua kama kinafanya kazi ni rahisi. Simamisha picha angavu isiyotembea, ziba kijicho kwa kidole gumba, na subiri sekunde kadhaa, kwa sababu kimetengenezwa kibadilike polepole ili usishtuke. Picha ikififia, kisha ikarudi unapomulika tochi ya simu mahali hapo, kihisi kiko hai. Ni muhimu picha iwe imesimama. Runinga nyingi zina pia utaratibu wa kupunguza taa kila picha inapokuwa ya giza, na mtu anaweza kukilaumu kihisi kwa jambo lisilo lake. Kama mwanga unapanda na kushuka kwa kufuata matukio ya filamu, tafuta kitu kama Dynamic Contrast au Local Dimming, kihisi hakihusiki.

Kingine kinachochanganya ni mahali kihisi kinapotazama. Hakioni kinachoakisiwa kwenye kioo, kinaona mwanga unaokifikia tu. Dirisha likiwa nyuma ya runinga, wewe macho yako yanapigwa na jua lakini kihisi kinatazama upande wa makochi, palipo na kivuli, na kinashusha taa wakati ulihitaji ipande. Na mstari mwembamba wa jua ukikigusa kijicho chenyewe, taa itapanda hadi mwisho hata kama chumba kizima kina kivuli.

Kwenye menyu kihisi hukaa chini ya sehemu ya kuokoa umeme. Samsung wanakiita Ambient Light Detection, LG kwa miaka mingi walikificha ndani ya Energy Saving kwenye chaguo la Auto. Ukikuta Backlight imekataa kusogea, huenda Energy Saving ndiyo imeishika. Iweke Off, rekebisha taa ya mchana unavyotaka, ndipo urudishe Auto. Katika runinga nyingi ile namba uliyoweka inakuwa dari, na kihisi kinashusha kutoka hapo. Usiku ikishuka kupita kiasi, tazama kama kuna kiwango cha chini cha kupandisha.

Kwa sebule yenye dirisha moja na ratiba inayojulikana, mimi ningekizima kihisi na kutumia aina mbili za picha, Standard ya mchana na Movie au Cinema ya usiku, kwa kuwa kila moja inatunza taa yake. LG wengine wanazo tayari kwa majina ya Expert (Bright Room) na Expert (Dark Room). Kihisi ningekiachia nyumba ambayo runinga inawaka tangu asubuhi na mawingu yanapita. Angalia tu kwamba runinga nyingi hutunza mipangilio kwa kila njia ya kuingilia: ulichorekebisha kwenye HDMI ya king'amuzi hakitakuwapo ukichomeka flashi.

Taa iliyoachwa juu usiku kucha inakula umeme zaidi, na joto lake ndilo linalochosha zile LED. Siku sauti ikiwepo na kioo kikawa cheusi, zima taa za chumba na umulike tochi karibu kabisa na kioo. Ukiona picha hafifu inatembea, LCD ni nzima, kilichokufa ni taa za nyuma au umeme unaozilisha. Mwambie fundi hivyo kabla hajaanza kukuuzia kioo kipya.