Mapenzi au upendo: mfasiri na hotuba ya baba wa bibi harusi

Mzee mmoja wa Kijerumani anamwozesha binti yake kwa kijana wa Moshi. Ukumbi umeshalipiwa, ndafu imeagizwa, na MC amemtengea baba wa bibi harusi dakika tano za nasaha. Mzee ameiandika hotuba kwa lugha yake na kumtumia mfasiri, mwanamke mzaliwa wa Tanga, aiweke katika Kiswahili na siku ya sherehe asimame naye kwenye kipaza sauti. Kisa hiki nimekitunga, lakini shida iliyomo sikuitunga. Kila aliyewahi kufasiri hotuba ya harusi kuja Kiswahili ameshakutana nayo.

Kazi ya kwanza ya mfasiri ilikuwa kukata. Hotuba inayosemwa kwa lugha mbili hula muda mara mbili, kwa hiyo dakika tano za MC ni dakika mbili na nusu za Mzee. Kurasa mbili zikawa moja. Mzee hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu: sentensi ya mwisho isiguswe.

Alikuwa na sababu. Hotuba nzima imefungwa kwa nomino moja. Mzee anasema alivyompenda binti yake tangu siku aliyozaliwa, na hapo anatumia nomino hiyo. Anasema kilichomtoa binti Hamburg na kumfikisha Moshi, nomino ni ile ile. Anagusia somo la ndoa kutoka Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, bado ni ile ile. Halafu anafunga kwa kusema kwamba alichokuwa nacho yeye moyoni siku binti alipozaliwa, leo amekiona machoni mwa bwana harusi, na ni kitu kilekile. Kijerumani kina neno moja kwa yote hayo. Kiswahili kinampa mfasiri mawili, na kila moja linafaa mahali ambapo lenzake linakwama.

Rasimu ya kwanza aliiandika kwa “mapenzi” mwanzo hadi mwisho. Alikolelewa yeye, mapenzi ya mama kwa mwanawe ni maneno ya kila siku, hayana doa. Wala si Tanga peke yake. Wakristo wengi husali Baba Yetu wakitaja mapenzi ya Mungu, na hapo maana ni matakwa yake, kwa sababu neno hili tangu zamani hubeba kile mtu anachokipenda na kile anachokitaka. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, alipofasiri aya ya 21 ya Sura Ar-Rum inayozungumzia mume na mke, aliweka mapenzi pamoja na huruma. Neno lenye ukoo kama huo halina sababu ya kuogopwa.

Alimpigia simu shangazi wa bwana harusi ili amsomee.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, soma.”

Alipofika kwenye “mapenzi yangu kwa binti yangu”, shangazi alimkatiza. “Hapo hapana, mwanangu. Sisi wazee tutaelewa. Ila vijana waliojaa ukumbini wataangaliana.”

Shangazi alisema kweli. Katika Kiswahili cha mijini leo, “mapenzi” yameegemea upande mmoja. Nyimbo za redioni, magazeti ya udaku na ule msemo wa “kufanya mapenzi” vimelisogeza neno hadi karibu na chumba cha kulala. Maana ya zamani haijafa, ila inahitaji kusindikizwa: ukisema “mapenzi ya Mungu” au “mapenzi ya mama”, msikilizaji anajua yuko wapi. Baba kumtajia binti mzima mapenzi mbele ya wakwe ni hatari. Hiyo ni namna nzuri ya kulipima neno kabla ya kulipeleka ukumbini: lisomee kwa sauti mtu wa rika la wageni, kisha sikiliza atakapokukatiza.

Rasimu ya pili ikawa ya “upendo”. Kubadili neno moja katika Kiswahili si kufuta na kuandika juu yake, kwa kuwa nomino huja na watu wake. “Mapenzi yangu makubwa yaliyoanza” yanakuwa “upendo wangu mkubwa ulioanza”, na kiambishi kimoja kikisahaulika, ukumbi mzima utasikia kiraka. Mfasiri alipitia kila kivumishi, kila kimilikishi na kila kitenzi. Sehemu ya baba na binti ikatulia. Ya Wakorintho ikakaa sawasawa, maana Biblia ya Union Version inatumia “upendo” katika sura hiyo, na ndilo neno wageni wa Kilutheri watakalokuwa wametoka kulisikia kanisani.

Lakini sehemu ya maharusi ilipoa. Upendo ni wa mtu kwa jirani, wa kanisa kwa yatima, wa ndugu kwa ndugu. Msichana aliyeacha kazi na mji wake akamfuata kijana chini ya Kilimanjaro, ukisema aliletwa na upendo, msikilizaji anaweza kudhani alikuja kujitolea hospitalini. Rafiki yake mmoja alipendekeza “mahaba”. Ni neno zuri lenye asili ya Kiarabu, lakini siku hizi limeingia chumbani kuliko hata mapenzi.

Njia iliyobaki ilikuwa kugawa: upendo kwa baba, mapenzi kwa maharusi. Wafasiri wengi wangeishia hapo, na kwa hotuba nyingine ingetosha. Kwa hii haitoshi. Mzee anaposema “ni kitu kilekile”, ukumbi utakuwa umeshasikia vitu viwili, na sentensi aliyoomba isiguswe itakuwa imevunjika kabla hajaifikia.

Alichofanya mfasiri ni kurudi kwenye shina. Mapenzi na upendo yote yametoka katika kitenzi “penda”. D imegeuka z mbele ya i, kama linda anavyotupa mlinzi. Kitenzi chenyewe hakikuegemea popote. Mtu humpenda mwanawe, humpenda mkewe, hupenda ugali, na hakuna anayeangaliana na mwenzake. Zaidi ya hapo, kitenzi cha Kiswahili kina kauli ya kutendwa, nayo inamwacha anayependa nyuma na kumleta mbele anayependwa. Sentensi ya mwisho ikawa hivi: “Alipozaliwa alipendwa. Leo nimeona anapendwa.”

Nomino alizibakiza mahali pawili tu. Kilichomleta binti Moshi kilibaki kuwa mapenzi, na Wakorintho walibaki na upendo. Palipokuwa na wazo kwamba jambo hili ni kazi ya kila siku, aliandika “kupenda ni kazi”, na kitenzi kikasimama kama nomino bila kuchagua upande. Kilichopotea ni mwangwi wa neno moja linalorudi na kurudi, na mimi naona ni hasara ya kweli. Mfasiri alimwandikia Mzee waziwazi kwamba mwangwi huo umekwenda, akamweleza sababu, akaomba ridhaa. Hotuba ni ya Mzee, na mfasiri hana haki ya kumpunguzia kitu kimyakimya.

Mzee aliridhia, kisha akaomba sentensi zile mbili azitamke mwenyewe. Walifanya mazoezi kwa simu. A-li-pe-ndwa, silabi nne, mkazo kwenye “pe”, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. “Ndwa” ilimsumbua, alikuwa akiikata vipande viwili. Mfasiri alimfundisha aanze na “penda” aliyoizoea, kisha aongeze midomo ya w.

Ukumbini alizisema polepole na kwa usahihi. Vigelegele vilianzia meza ya kina shangazi, na MC akaomba ndafu iletwe.