Watatu wa kiume, alama ya kike

Mwanafunzi wa Kiarabu akiambiwa aandike "wavulana watatu", jibu sahihi ni thalathatu awladin. Wasichana watatu ni thalathu banatin. Hapo darasa huanza kunung'unika, kwa sababu ile te ya thalathatu ni ta marbuta, herufi ambayo wamekwisha kufundishwa kuwa ndiyo alama ya kike. Wavulana wamepewa alama hiyo, wasichana wamenyimwa!

Moja na mbili hazina vituko. Hukaa baada ya nomino na kuifuata: waladun wahidun, bintun wahidatun. Kinyume huanzia tatu na kuishia kumi, na nomino inayohesabiwa huwa katika wingi, ikitiwa kasra mwishoni.

Wanaokosa hapa mara nyingi kanuni wanaijua. Kosa lao ni kutazama jinsia ya neno la wingi lililo mbele yao, ilhali linalohukumu ni umoja wake. Chukua zoezi la kuandika "mabafu saba". Wingi ni hammamat, na ile -at ya mwisho inashawishi kwamba ni neno la kike, kwa hiyo mtu huandika sab'u hammamatin. Amekosa. Umoja ni hammam, neno la kiume, basi ni sab'atu hammamatin. Siku na usiku nazo ni mtego mzuri: ayyam ni wingi wa yawm, la kiume; layali ni wingi wa layla, la kike. Kwa hiyo siku nane ni thamaniyatu ayyamin, na mausiku saba ni sab'u layalin. Mwenye msahafu afungue Surat al-Haqqa, aya ya 7, azione hesabu hizo mbili zikiwa pamoja, kila moja na umbo lake.

Mbona mambo yamegeuzwa? Maelezo ya wanasarufi wa kale yanayoniridhisha zaidi ni haya: Mwarabu anapohesabu namba tupu, bila kitu, husema thalatha, arba'a, khamsa, zote na ta marbuta. Hilo ndilo umbo la asili. La kiume likatangulia kulichukua, na la kike likaiacha ta ili litofautike. (Sita, saba na tisa zetu za Kiswahili zimetokana na namba hizo, na labda ndiyo maana haziguswi na ngeli: vitabu vitatu, lakini vitabu sita.) Kiebrania nacho kina ugeuzi uo huo, kwa hiyo jambo hili ni la zamani kuliko vitabu vya sarufi ya Kiarabu.

Kumi ina la ziada. Ikiwa na ta, shini hutiwa fat-ha: 'asharatu awladin. Ikiikosa, shini hutulia: 'ashru banatin.

Mitaani Kairo haya yote hayamshughulishi mtu. Wavulana ni talat, wasichana ni talat.